Bakuli la Buna Ng'ambo ya Kivuko

Mpaka leo nikimwona mtu anapiga miayo kazini, uso unaopata joto ni wangu, si wake. Wanangu wamelizoea hilo. Wanasema baba ana wazimu wa miayo, na mimi huwaacha waseme, kwa kuwa kueleza kungenirudisha Garsen, na Garsen sikutoka kwa heshima.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mvuta kamba wa kivuko cha Garsen. Daraja halikuwapo. Kulikuwa na pantoni ya mbao juu ya mapipa, na kamba nene ya katani iliyofungwa kwenye magogo, ukingo mmoja wa Mto Tana hadi wa pili. Sisi tulisimama kwa mstari upande mmoja wa pantoni, tukaishika ile kamba, tukaivuta kwa pamoja kwa kuimba, na pantoni ikasogea na kila kilichopanda: lori, ng'ombe, mbuzi, wanawake na vikapu vyao vya maembe, na wakati mwingine karani mwenye soksi ndefu aliyekuwa akitutazama kama tunacheza. Mtu wa mbele mstarini tulimwita kichwa. Yeye ndiye aliyeanza wimbo, na yeye ndiye aliyeupokea mkondo kwanza. Nilikuwa kichwa, na nilijivuna. Nilivuka soko kifua mbele hata siku ambazo sikuwa na shati la maana.

Msimamizi wetu alikuwa serahangi, mzee mfupi mwenye shingo nene na sauti ya kukwaruza. Hakuwa msimamizi wangu tu. Nilikuwa nimemposa binti yake, barua imepokewa, na arusi ilipangwa iwe baada ya Idi. Kwa hiyo kila nilipoishika kamba, nyuma yangu alisimama mtu ambaye maoni yake juu ya mikono yangu yangeamua kama nitapata mke au nitakosa. Nilivuta kama mwendawazimu.

Lazima niseme jambo la heshima ya kwetu, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwa wazee wetu, mkwe hali wala hanywi mbele ya baba mkwe. Huanza siku barua inapopokewa, na wengine huishi hivyo hadi kaburini. Si ugomvi, ni adabu. Mdomo unaotafuna si kitu cha kumwonyesha mzee aliyekupa binti yake. Na adabu hiyo ina pande mbili. Baba mkwe naye hali mbele ya mke wa mwanawe, wala hamwambii kwa kinywa chake kwamba nataka hiki au kile. Anapokea kinacholetwa.

Sasa, nguvu zangu zilikuwa na siri ambayo haikuwa siri. Ng'ambo ya mto, hatua chache kutoka gatini, palikuwa na kibanda cha bibi mmoja wa Kiorma aliyeuza maziwa kwa wasafiri. Kila asubuhi alikaanga buna. Waorma hawachemshi kahawa kama watu wa pwani. Wanaichukua tunda zima na ganda lake, wanaling'ata ncha, wanalitia kwenye samli ya moto mpaka lipasuke kwa mlio mdogo, kisha bakuli la mti linapita mkono kwa mkono. Unatafuna kahawa, unapaka samli iliyobaki usoni na mikononi, unaomba dua. Safari ya kwanza ya asubuhi ilipofika ng'ambo, wakati magari yanateremka, mimi nilikimbilia kibandani. Bibi alikuwa akinitania.

"Mwenye kamba amekuja," alisema. "Kula, kula. Wewe kwa mto iko kazi, kwa bibi iko njaa."

Nilikula kwa misimu miwili, kila siku, konzi nzima. Na kila siku, tulipokuwa tumekwisha kuvusha mara moja au mbili, kamba ilipungua uzito. Nasema ilipungua kwa sababu hivyo ndivyo mwili ulivyoniambia. Mkondo ulikuwa uleule, pantoni ileile, lori pengine zito zaidi. Lakini mabega hayakulalamika, viganja havikuchoma sana, na wimbo ulitoka kifuani bila kusukumwa. Nilidhani buna inatia nguvu mikononi kama samli inavyotia mafuta kwenye ngozi. Wenzangu walidhani hivyohivyo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani vingine.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu wa michezo na kuwafundisha vijana mbio, nilipelekwa kozi moja ya mambo ya mwili, na pale ndipo nilipoambiwa kilichokuwa kikitokea kwenye kile kibanda. Nilisikiliza nimeinamisha kichwa, nikijifanya naandika.

Mwili unapofanya kazi, alisema mkufunzi, na ubongo nao ukiwa macho unafanya kazi, huzalishwa kitu kiitwacho adenosini. Kinaongezeka taratibu kadiri saa zinavyopita. Kwenye mishipa ya fahamu kuna mahali pake pa kukaa, kama viti vilivyowekwa mahususi kwa mgeni mmoja. Adenosini ikikaa hapo, mishipa hupunguza kasi ya kupelekeana habari, na wewe unahisi uzito, usingizi, na hamu ya kuketi. Kafeini iliyomo ndani ya kahawa imefanana nayo kiasi cha kuweza kukalia viti vilevile. Inakaa, lakini haisemi lolote. Adenosini inakuja, inakuta viti vimejaa, inabaki imesimama. Kwa hiyo ubongo hausikii ile amri ya polepole. Habari zinapita upesi, maumivu ya msuli yanafifia, na ile amri ya kuvuta inatoka kichwani kwenda mkononi bila kukukera. Uzito wa kamba ni uleule. Wewe ndiye unayeuhisi mdogo.

Nilinyoosha mkono nikauliza habari ya misuli yenyewe, je, haiongezewi nguvu? Akasema msuli uliotolewa na kuwekwa kwenye dawa ya kafeini nyingi hujikaza zaidi, maana kafeini huifungua ghala ya kalsiamu iliyo ndani yake, na kalsiamu ndiyo inayouamuru msuli ujikunje. Lakini kiasi kinachohitajika kwa hilo kingemuua mtu kabla hajaishika kamba. Kwa kahawa ya kawaida, kama msuli unapata chochote basi ni kidogo. Sehemu kubwa ya mambo iko kichwani. Nilikuja kuyaona mwenyewe kwa wakimbiaji wangu. Niliwafundisha wanitajie ugumu wa mwendo kwa namba, kuanzia wepesi kabisa hadi mtu asiyeweza tena. Mkimbiaji yuleyule, mwendo uleule, akiwa amekunywa kahawa saa moja kabla, alinitajia namba ndogo. Nikimwambia akimbie kwa ugumu anaouona wa kawaida, alikwenda mbio zaidi bila kujua.

Lakini mkufunzi aliongeza jambo moja kama mtu anayefunga mlango, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Mtu akila kafeini kila siku, mwili haukubali kudanganywa milele. Unaongeza viti. Na siku atakapoiacha ghafla, viti vyote vile, vya zamani na vipya, vinabaki wazi kwa adenosini peke yake.

Nikainuka nikaenda nje kunawa uso.

Ramadhani ya mwaka ule wa posa yangu iliangukia masika. Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya udongo, na magogo yakielea kutoka juu, Bangale huko na kwingine ambako mvua ilikuwa imenyesha. Tulifunga sote, na hakuna aliyelalamika, kwani tulikuwa tumefunga miaka yote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga tangu utotoni na kulima shambani mchana kutwa bila kutetereka. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye: miaka hiyo yote nilikuwa sijaijua buna.

Bibi wa Kiorma hakukaanga mchana wa Ramadhani. Usiku kivuko hakikuvuka, kwa hiyo kibanda chake na mimi tulitenganishwa na mto mzima. Upande wetu, kahawa ilikuwako mahali pamoja tu: barazani kwa serahangi. Baada ya tarawehe wavuta kamba wote walikwenda kwake, birika likazunguka na kikombe kidogo cha udongo, wakazungumza na kucheka. Wote isipokuwa mimi. Ningewezaje kwenda kunywa mbele ya baba wa mchumba wangu? Nilipita njia ya nyuma, nikasikia vicheko vyao, nikaenda kulala, nikijiona kijana mwenye adabu kuliko wote. Hata nilitumaini mzee anaiona adabu hiyo na kuifurahia.

Siku ya kwanza kichwa kiliniuma mchana, nyuma ya macho. Nikasema ni jua. Siku ya pili kiliniuma tangu daku, na nilipoishika kamba nilidhani kuna mtu ameifunga kwenye jiwe. Niligeuka kutazama kama pantoni imekwama. Haikuwa imekwama. Nikaanza wimbo, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyeamshwa. Katikati ya mto nikapiga mwayo. Mwayo, mbele ya mstari, kichwa cha kamba! Mtu wa nyuma yangu akacheka, na wimbo ukavunjika.

"Kichwa kimelala," akasema.

"Kimeoa kabla ya arusi," mwingine akadakia, na wote wakaangua kicheko, isipokuwa baba wa mchumba wangu. Nilitamani mto unimeze. Masikio yaliwaka. Nilikaza meno nikavuta kwa kila kitu nilichokuwa nacho, au hivyo ndivyo nilivyoamini, na bado yule wa nyuma akasema, "Vuta bwana, kamba imelegea kwako."

Hilo lilinichanganya kuliko maumivu ya kichwa. Ndani yangu nilihisi natumia nguvu mara mbili ya siku zote. Mwili ulikuwa unalia. Nje, mikono yangu ilikuwa ikifanya nusu ya kazi. Nilikosa maneno ya kulieleza, na hata ningeyapata, nani angeniamini? Mtu anayesema navuta sana huku kamba imelegea mkononi mwake, huyo anaitwa mwongo.

Siku ya tatu serahangi alinitoa mbele. Hakunigombeza. Alinionyesha mahali pa mwisho wa mstari kwa kidevu, pale tulipowaweka wazee na wanaojifunza, kisha akatazama mto. Nilitembea kutoka mbele hadi mwisho wa pantoni, mbele ya abiria, na naapa sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Miongoni mwa abiria walikuwamo wanawake wa mtaa wa mchumba wangu. Nilijua jioni ile kabla ya futari kutolewa jikoni habari ingekuwa imefika kwake. Usiku mama yangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Sikuwa na homa, sikuwa nakohoa, sikuhara. Nilikuwa mzito tu, na mzito si jina la ugonjwa.

Kesho yake tulivusha lori la bidhaa za duka na ng'ombe wachache wa Muorma mmoja aliyekuwa akiwapeleka ndama wake upande wa pili. Nilisimama mwishoni mwa mstari na kamba mkononi, macho yakifumba yenyewe. Tulipofika katikati, gogo kubwa lilikuja na mkondo, likaipiga pantoni ubavuni. Mbao zikalia. Lori likasogea, ng'ombe wakapiga makelele, na wawili wa mbele wakaanguka na kuiachia kamba. Pantoni ikaanza kugeuka, maji yakipanda juu ya sakafu.

Hofu haina subira. Sikufikiri. Nilikimbia mbele, nikaikamata kamba mahali pa kichwa, nikaegemea nyuma, na nikavuta. Uzito ulitoweka. Kichwa hakikuuma, usingizi haukuwapo, mikono ilikuwa yangu tena. Niliupokea mkondo wote kifuani mpaka wale wawili wakainuka, tukaishika pamoja, na pantoni ikanyooka. Tulipofika ukingoni watu walishangilia. Muorma mwenye ng'ombe alinishika mkono akauinua juu. Kwa dakika chache nilidhani aibu yangu imekwisha.

Serahangi alingoja abiria wateremke. Kisha akanijia, na wavuta kamba wote wakiwa wamesimama pale wakisikia.

"Kumbe nguvu unazo," alisema.

Sikumwelewa. Nikasema, "Alhamdulillahi, baba."

"Usiniite baba. Siku zote hizi nilidhani unaumwa, nikawa nakuonea huruma. Nikamwambia mama yake, tumngoje kijana apone. Kumbe huumwi. Ulikuwa unatuachia sisi wazee kamba, wewe unalala." Akameza mate, na niliona kwamba hata kwake maneno yale yalikuwa machungu. "Mgonjwa ningemwozesha. Mtu mwenye nguvu anayezificha, simpi mwanangu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilisimama na mikono yangu miwili, ile ile iliyotuokoa sote, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi yangu. Ningekuwa nimeshindwa kuvuta, tukapoteza hata lori, ningerudi nyumbani na mchumba wangu. Na mimi mwenyewe, hilo ndilo baya zaidi, nilimwamini. Kama mikono ilikuwa na nguvu zote zile, basi hakika nilikuwa mvivu, na uvivu ulikuwa umeniingia bila mimi kuujua. Nilijitazama kama mtu anayemkuta mwizi amelala kitandani mwake.

Nilivumilia mpaka karibu na kumi la kati la Ramadhani. Uzito ule ulianza kuniacha polepole, siku moja asubuhi kichwa kikaamka chepesi, na nikavuta kamba kama zamani, bila buna wala hofu. Lakini nani alihitaji kuona? Nilipovuta vizuri walisema anajipendekeza. Barua yangu ilirudishwa kabla ya Idi. Nilisali sala ya Idi safu ya nyuma kabisa, nikatoka upesi, na baada ya hapo nikaondoka Garsen. Binti aliolewa upande wa Kipini, nikasikia amepata mume mwema, na nikafurahi kwa kadiri nilivyoweza. Nami nilikuja kuoa kwingine, nikapata watoto, nikasoma ualimu. Maisha hayakunitupa. Lakini kwa miaka mingi, kila nilipochoka, hata uchovu wa haki, nilijihoji kama ni uchovu au ni ule uvivu wangu. Niliwahi kukimbia na homa ya malaria mbele ya wanafunzi kwa sababu niliona haya kuketi. Upumbavu, najua. Aibu haimsikilizi mtu mzima.

Kwa hiyo siku niliyoelezwa habari ya viti na adenosini sikufurahi kama mtu aliyeachiliwa huru. Nilikasirika. Kumbe ilikuwa jambo la siku chache! Kafeini ilipoondoka, viti vikabaki wazi. Mishipa ya damu ya kichwa ikatanuka, ndiyo maumivu yale. Kila amri ya kuvuta ikahisika nzito maradufu ingawa msuli ulikuwa mzima. Hofu ilipokuja na homoni yake ikaufunika uzito kwa muda, nguvu zilizokuwapo siku zote zikaonekana. Siku tisa au kumi, mwili ukapunguza viti, mambo yakarudi. Wenzangu walikunywa kila usiku kwa serahangi, hawakupatwa na lolote. Mimi niliponzwa na adabu. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu niliyetaka kumwambia alikuwa mmoja tu, na sikuwa na uso wa kumwendea.

Miaka ikapita. Safari moja nilipeleka wanafunzi wangu mashindano ya mbio Wenje, na huko nikasikia kwamba yule serahangi yu hai, mjane sasa, na kwamba mwanawe amemchukua kuishi naye Kinakomba. Nilikaa na habari hiyo usiku kucha. Asubuhi nilinunua robo ya kahawa ya kusaga na sukari, kwa sababu huendi kwa mzee mikono mitupu, na kwa sababu nilikumbuka birika lake.

Nilimkuta amelala mkekani kibarazani, mchana kweupe, kitambaa kimefungwa kichwani. Shingo ile nene ilikuwa imesinyaa. Mwanawe alikuwa safari Hola. Mke wa mwanawe, mwanamke mpole aliyejifunika mtandio, alinikaribisha kwa sauti ya chini na kuingia ndani. Mzee alinijua mara moja. Alijaribu kuinuka, akapiga mwayo mkubwa, na mara nikaona damu inampanda usoni.

"Nisamehe," akasema. "Sijui nimekuwaje. Tangu nije hapa, siku nne hizi, mwili ni mzito. Nilisema nimsaidie huyu binti kuteka maji, ndoo moja imenishinda, nikaiacha njiani. Garsen nilikuwa nikipalilia migomba mpaka juzi. Kichwa kinauma. Dawa ya homa nimepewa, homa sina." Akashusha sauti, akatazama mlangoni. "Ataona nimekuja kula tu. Uzee gani huu wa ghafla? Ni uvivu. Naona haya, mwanangu."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilijua kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba aliyozaliwa.

"Kahawa unakunywa, baba?" nikamwuliza. Neno baba lilitoka lenyewe.

"Hapa hawanywi kahawa. Wanakunywa maziwa."

"Hukuwaambia?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Nimwambie nani? Mwanangu hayupo. Nimwambie mke wa mwanangu kwamba natamani kahawa? Kwa mdomo huu?"

Nakiri nina hasira za karibu. Kwa muda mfupi nilisikia kitu kinapanda, kitu kama furaha mbaya: sasa umeonja. Nilimtazama yule mzee amefunika uso kwa ncha ya kitambaa kwa sababu ya ndoo moja ya maji, na furaha ile ikafa. Nilimwona ameketi mahali pale pale pa mwisho wa mstari, na sikutaka mtu yeyote akae pale, hata yeye.

Nilibisha hodi jikoni nikamwomba binti birika na moto, nikasema mgeni ana uchu wa kahawa. Nikaipika mwenyewe, chungu, na tangawizi aliyonipa. Yule binti alinionyesha pa kuketi kisha akatoka nje kwa heshima, ili mzee anywe bila kuonekana. Akanywa kikombe, akanywa cha pili. Kabla kivuli cha nguzo hakijasogea sana, alifungua kitambaa kichwani, akakikunja, akakiweka gotini.

Ndipo nikamweleza. Nilimwambia habari ya viti, na ya mgeni anayekaa kimya, na ya mwili unaoongeza viti, kwa maneno niliyokuwa nikiwaambia wanafunzi. Nikamwambia misuli yake haina kosa, ndoo ile ilikuwa nzito kichwani mwake tu, na kwamba angengoja siku chache bila kahawa ingepungua yenyewe. Sikutaja Garsen. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya Garsen, na sasa nilipokuwa mbele yake niliona haya kuitaja, kana kwamba ningemwomba deni.

Alisikiliza hadi mwisho. Akazungusha kikombe mkononi.

"Inampata kila mtu aliyezoea?"

"Wengi, baba."

"Hata kijana?"

"Hata kijana."

Nje kuku walikuwa wakichakura.

"Wewe ulikuwa ukila buna kwa yule bibi wa ng'ambo," akasema. "Nilikuwa nakuona ukikimbia. Na Ramadhani hukuja barazani kwangu."

"Nisingeweza kuja, baba. Barua yangu ilikuwa kwako."

Aliinamisha uso. Sijui nilitarajia nini miaka yote ile. Pengine nilitarajia nitasimama mrefu. Haikuwa hivyo. Mzee yule alikuwa ameona haya mara mbili siku moja, na safari hii ni mimi niliyemletea, na aibu yake iliniuma kuliko ile yangu ya zamani, kwa kuwa yangu niliizoea. Nilitaka kusema imekwisha, si kitu. Sikuweza kusema, maana ilikuwa kitu.

Aliinua birika kwa mikono miwili. Akajaza kikombe kile kile, akanisogezea.

"Kunywa," akasema.

Nikakishika. Mazoea ni kitu cha ajabu: mkono ulisimama nusu ya njia, na nilijikuta nageuza uso pembeni kuficha mdomo, kama kijana wa Garsen.

"Geuka huku," akasema, na sauti ikakwaruza kama zamani. "Hukumwoa mwanangu. Mimi ndiye niliyekataa. Unaruhusiwa."

Nikageuka, nikanywa mbele yake mpaka machicha.